Imeandikwa wati 500, lakini itabeba kadi mpya?

Mdogo wangu anayekaa Tabata alinipigia simu usiku. "Kaka, nimepata kadi ya michoro ya mtumba, RTX 3060, bei yake huwezi kuamini. Pawa saplai yangu ni ya 500, kadi inakula 170. Si zinabaki 330 za bure?"

Nikamwambia asitume hela kwanza. Azime mashine, achomoe waya wa ukutani, afungue ubavu wa keisi na anipigie picha stika yote ya pawa saplai, hasa lile jedwali la maandishi madogo ambalo hakuna anayelisoma. Ile namba kubwa ya 500 sikuihitaji.

Picha ilipofika, jedwali lilisema hivi: volti 3.3 ampea 20, volti 5 ampea 20, volti 12 ampea 25. Kadi ya michoro na prosesa zote mbili zinakula volti 12. Kwa hiyo uwezo wa kweli wa kifaa kile kwa kazi tuliyokusudia ni 12 mara 25, yaani wati 300. Zile zilizobaki ziko kwenye volti 3.3 na 5, ambazo miaka ya zamani zililisha karibu kila kitu, lakini leo zinaendesha diski, USB na vitu vidogo vya kwenye mazabodi. Kadi haiwezi kuziazima.

Nitaeleza hesabu tuliyofanya, kisha nipitie dalili ambazo watu huniletea wakiwa wameshafunga kadi bila kuhesabu.

## Kusoma stika

Pawa saplai nzuri ya kisasa inatoa karibu uwezo wake wote kwenye volti 12. Yenye jina la wati 450 ikiandika ampea 36 kwenye volti 12, hiyo ni wati 432, na hapo jina na kitu vinalingana. Yenye jina la 500 inayotoa 300 ni muundo wa zamani uliovikwa koti jipya. Hii ndiyo sababu 450 moja inaweza kuishinda 500 nyingine bila jasho.

Ukikuta volti 12 imegawanywa mara mbili, kwa mfano 12V1 ampea 14 na 12V2 ampea 16, usijumlishe ukapata 30. Tafuta mstari unaotaja kikomo cha pamoja, kwa wati au kwa ampea. Mara nyingi kikomo hicho ni kidogo kuliko jumla, kwa sababu laini zote mbili zinatoka kwenye transfoma ileile. Kama mstari huo haupo, ichukulie kama kifaa ambacho mtengenezaji wake hakutaka uhesabu.

Kuna ishara nyingine za nje. Swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230 mgongoni inaonyesha muundo wa kale usiorekebisha jinsi unavyovuta umeme ukutani. Waya nyembamba, na kifaa chepesi kama boksi tupu, vinaongeza shaka. Kukosa alama ya ufanisi ya 80 PLUS hakuthibitishi kitu peke yake, ila kwenye kifaa kinachojiita cha 500 au zaidi, mimi huwa nasita.

Hapo kwenye 80 PLUS kuna kosa ninalolisikia kila wiki: "Ina ufanisi wa asilimia 80, kwa hiyo 500 inatoa 400." Sivyo. Wati za kwenye stika ni zile zinazotoka kuelekea kwenye mashine. Ufanisi unahusu kinachovutwa ukutani. Mashine ikitumia wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 85, ukutani unavuta kama 353, na hizo 53 za ziada zinakuwa joto ndani ya pawa saplai. Kwa hiyo kama una kile kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, zidisha unachosoma kwa 0.85 upate mzigo halisi. Usigawanye.

## Hesabu ya mashine ya Tabata

Prosesa yake ni Core i5-10400F. Kwenye boksi imeandikwa wati 65, na mdogo wangu aliandika 65 kwenye karatasi yake. Namba hiyo ni ya mwendo wa kawaida. Kwa kufuata vipimo vya Intel prosesa hiyo inaruhusiwa kupanda hadi wati 134 kwa sekunde 28, na mazabodi nyingi humwachia mtumiaji aondoe hata kikomo hicho cha muda. Kwenye gemu haifiki huko. Mara nyingi inacheza kwenye 60 hadi 80. Lakini gemu likiwa linafungua ramani mpya, au ukiwa unabana video huku kadi nayo inafanya kazi, itapanda.

Kadi ni wati 170, na hiyo ni ya kadi nzima pamoja na memori na feni zake. Angalia hapa, maana programu nyingine huonyesha wati za chipu peke yake, na kwa kadi nyingi za AMD za miaka michache iliyopita ndivyo ilivyo. Tumia namba ya kadi nzima kutoka kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Kama kadi yenyewe imeongezewa kasi kiwandani, kikomo chake kinaweza kuwa juu zaidi ya 170.

Feni za keisi, mazabodi, diski moja inayozunguka na SSD, tukaziwekea 30 kwenye volti 12. Si namba ya maabara, ni makadirio ya upande wa tahadhari.

Gemu la kawaida: 170 na 75 na 30, jumla 275. Kwa kifaa cha 300 hiyo ni asilimia 92 ya uwezo wake, saa nzima, kwenye chumba cha Dar mwezi wa pili. Mzigo mzito wa pamoja: 170 na 134 na 30, jumla 334. Tumeshapita.

Mimi hupenda mzigo wa muda mrefu ubaki chini ya asilimia 70 hadi 75 ya uwezo wa volti 12. Si ushirikina. Kapasita za ndani, zinazotunza umeme kwa muda mfupi, huchoka kwa joto, na kifaa kilichotumika miaka saba hakina nguvu za siku kilipotoka dukani. Tena watengenezaji hawapimi kwa joto moja. Wengine wanatoa uwezo wa wati kwenye nyuzi 25, wengine 40, wengine 50, na hewa inayoingia kwenye pawa saplai iliyo juu ya kadi yenye joto huivuka 25 kwa urahisi.

Halafu kuna miruko, na hapa ndipo wengi huangukia.

## Kwa nini 170 si 170

Wati 170 ni wastani. Kadi inabadilisha mzigo wake maelfu ya mara kwa sekunde: fremu inaanza, vitengo vyote vinaamka kwa pamoja, fremu inaisha, vinalala. Ndani ya sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde, kadi inaweza kuvuta mara moja na nusu ya wastani wake, na kadi kubwa hukaribia mara mbili. Kizazi cha RTX 3000 kilisifika kwa tabia hii tangu mwaka 2020, pale watu wenye RTX 3080 walipoanza kuona mashine zenye pawa saplai kubwa zikizimika bila sababu ya kuonekana. Kubeba gunia ni jambo moja, kuruka nalo ni jingine.

Kapasita za kwenye kadi na za kwenye pawa saplai hufyonza sehemu ya miruko hiyo. Kinachobaki kinaifikia kinga ya pawa saplai, ambayo kazi yake ni kuzima kila kitu pindi mzigo unapozidi. Kiwango cha pawa saplai kiitwacho ATX 3.0, kilichotoka 2022, kiliandikwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya tatizo hili: kinataka pawa saplai kubwa zinazolisha kadi za aina mpya zivumilie mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake wote kwa mikrosekunde 100. Vifaa vya kabla ya hapo havikuahidi hivyo, ingawa vingi vizuri vinaweza.

Kwa hiyo nina kipimo cha pili, cha mkono tu: kadi mara mbili, jumlisha prosesa ya kwenye gemu, jumlisha 30. Kwa mdogo wangu ni 340 na 75 na 30, yaani 445. Kwa kifaa cha 300 hiyo ni nusu nzima juu ya uwezo. Kwa kifaa cha 450 chenye wati 432 kwenye volti 12 inazidi kidogo sana, na kwa kuwa kinga ya kifaa kizuri huwekwa juu kidogo ya uwezo wake, hapo hakuna cha kuogopa. Wastani wake nao ungekuwa 275 kati ya 432, asilimia 64.

Nvidia wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 3060. Wengi huona namba hiyo ni ya kuuzia. Mimi naiona ni ya mtu asiyejua mteja ana nini: prosesa inayokula sana, na pawa saplai ambayo stika yake ina chumvi. Ukiwa umesoma stika na kuhesabu mwenyewe, unaweza kwenda chini yake kwa akili timamu. Bila hesabu, fuata 550.

## Plagi ipi inabeba nini

Wati zikitosha bado hujamaliza, kwa sababu lazima zipite kwenye waya. Nafasi ya PCIe kwenye mazabodi, pale kadi inapochomekwa, inatoa hadi wati 75, na kati ya hizo za volti 12 ni 66. Plagi ya pini 6 ni wati 75, ya pini 8 ni 150. RTX 3060 nyingi zina plagi moja ya pini 8, hivyo 75 na 150 ni 225, zinatosha 170.

Pawa saplai ya Tabata haikuwa na plagi ya pini 8 ya kadi. Muuzaji wa kadi alikuwa tayari kumpa adapta bure, ile inayochukua plagi moja ya SATA, kama ya diski, na kutoa pini 8 upande wa pili. Adapta hii imeunguza mashine nyingi kuliko virusi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, jumla ampea 4.5, ambazo ni wati 54. Kadi ya 170 ikivuta 50 kupitia mazabodi, inabaki 120 ya kupita kwenye plagi ya 54. Haizimiki siku ya kwanza. Inapata joto kidogo kidogo, plastiki inalainika, pini inalegea, ikilegea joto linapanda zaidi, na siku moja unasikia harufu. Adapta inayotoka kwenye plagi mbili za Molex, zile za pini nne za diski za zamani, kila moja kwenye waya wake, ina unafuu, lakini kukosekana kwa plagi ya pini 8 ni ujumbe wa mtengenezaji kwamba kifaa hakikukusudiwa kwa kadi kama hiyo. Msikilize.

Makosa mawili mengine ya plagi yanaua moja kwa moja. La kwanza: plagi ya prosesa ya pini 8 inafanana na ya kadi, lakini volti 12 na ardhi zimekaa kinyume. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Umbo la pini haliruhusu ziingiliane, ila nimeona mtu mwenye mkono mzito akifaulu. La pili: pawa saplai ambazo waya zake huchomoka zote. Upande wa kadi plagi ni ya kiwango, upande wa pawa saplai si ya kiwango. Waya wa kampuni moja unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye kifaa cha nyingine na kupeleka volti 12 pasipostahili. Ukinunua pawa saplai ya mtumba bila waya zake, usikope za rafiki.

## Dalili: inazimika ghafla katikati ya gemu, kisha inawaka yenyewe

Hii ndiyo ninayoletewa zaidi. Skrini, feni na taa hufa kwa pamoja kama aliyechomoa waya, kisha mashine inawaka upya au inakaa imezimika hadi uchomoe ukutani na kusubiri kidogo. Mara nyingi ni kinga ya pawa saplai imekata.

Watu hufungua Event Viewer, wanakuta Kernel-Power namba 41, wanasema wamepata ugonjwa. Hilo tukio linasema tu kwamba Windows ilizimika bila kuagwa. Ni cheti cha kifo, hakitaji muuaji.

Tenganisha kwanza na joto. Prosesa au kadi ikizidiwa na joto hupunguza kasi kabla ya kuzima, kwa hiyo utaona gemu likigota kwa dakika kadhaa na nyuzi zikiwa juu. Mruko wa umeme hauna dibaji: nyuzi 62, gemu safi, halafu giza. Mara nyingi hutokea mahali palepale, skrini inapotoka kwenye menyu kuingia kwenye gemu, au kwenye menyu yenyewe ambapo fremu hazina kikomo na kadi inakimbia mamia kwa sekunde.

Kipimo kizuri hakihitaji kununua kitu. Shusha kikomo cha wati cha kadi. Kwa Nvidia, fungua Command Prompt kama msimamizi, uangalie kwanza mipaka ambayo kadi yako inaruhusu:

```
nvidia-smi -q -d POWER
nvidia-smi -pl 120
```

Amri ya pili inaweka wati 120 hadi utakapowasha upya. Kama 120 iko chini ya kiwango cha chini kilichoonyeshwa na amri ya kwanza, itakataa. Programu ya MSI Afterburner nayo inafanya hivyo kwa kuburuta kitelezi cha Power Limit, na ndiyo njia ya wenye AMD pia. Cheza saa mbili mahali palepale inapozimika. Ikiacha kuzimika, lawama iko kwenye pawa saplai au waya zake. Ikiendelea vilevile, angalia memori, mazabodi na soketi ya ukutani kabla ya kumlaumu mwingine.

Kikomo hiki ni kipimo, na kinaweza kuwa kiraka cha muda hadi upate pawa saplai nyingine. Kinashusha wastani, na miruko inashuka nayo, lakini haiondoki yote. Miruko inabanwa vizuri zaidi ukizuia pia kasi ya juu ya chipu:

```
nvidia-smi -lgc 210,1600
```

Kurudisha, andika `nvidia-smi -rgc`. Kuweka kikomo cha fremu 60 au 75 ndani ya gemu lenyewe nako kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

## Dalili: skrini inakuwa nyeusi, feni za kadi zinapiga kelele, sauti ya gemu inaendelea

Hapa mashine haijafa, kadi ndiyo imeangusha. Inaweza kuwa draiva, inaweza kuwa volti. Fungua programu ya HWiNFO64 kwa sensa peke yake, iachie irekodi, cheza, kisha tazama safu ya Minimum kwenye mistari ya volti za kadi. Kadi nyingi za Nvidia huonyesha volti 12 ya plagi ya pini 8 na volti 12 ya nafasi ya PCIe kila moja kivyake, na utengano huo ni dhahabu.

Kiwango cha ATX cha kabla ya 3.0 kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo volti 12 haipaswi kushuka chini ya 11.4. Kama ya plagi inashuka hadi 11.3 wakati wa mzigo huku ya mazabodi imetulia 12.0, pawa saplai iko sawa, na tatizo ni waya, plagi iliyolegea au adapta. Kama zote mbili zinazama pamoja, pawa saplai yenyewe inachoka. Kama zote zimetulia 11.9 hivi na bado skrini inazimika, acha umeme, nenda kwenye draiva na hali ya kadi. Hiyo RTX 3060 ilikuwa ya mtumba, usisahau.

Usiamini sana mstari wa +12V unaotoka kwenye sensa ya mazabodi. Nimeona ukisoma 10.2 kwenye mashine nzima kabisa. Ukitaka uhakika, chukua maltimita, weka kwenye volti za DC, mguu mweusi kwenye waya mweusi na mwekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya Molex isiyotumika, usome mashine ikiwa na mzigo. Maltimita haitaona miruko, inaona wastani tu. Na usifungue pawa saplai kutafuta zaidi: kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa.

## Dalili: harufu, au plagi imebadilika rangi

Zima ukutani. Usijaribu mara nyingine ili kuona kama itarudia. Chomoa plagi ya kadi uangalie pini moja moja kwa tochi. Plastiki iliyogeuka kahawia kuzunguka pini moja ina maana pini hiyo ilikuwa inabeba mzigo wa wenzake au haikugusana vizuri. Plagi hiyo haisafishwi wala hairudishwi. Waya unaobadilishwa ni wa kampuni ileile na aina ileile. Kama waya haichomoki, pawa saplai ndiyo inayobadilishwa, na soketi ya kwenye kadi ikaguliwe na fundi mwenye lenzi ya kukuza.

## Dalili: inasumbua jioni tu, au ikiwa kwenye UPS tu

Kabla ya kulaani pawa saplai, pima ukutani. Saa za jioni volti za mtaani zinaweza kushuka sana, na pawa saplai hufidia kwa kuvuta ampea zaidi, ikapata joto zaidi kwa mzigo uleule.

UPS ina hesabu yake. Ile ndogo ya 650VA kwa kawaida ina wati kati ya 325 na 390, siyo 650. Chukua mashine ya mdogo wangu ikiwa na mzigo wa 275 kwenye volti 12 na kama 25 kwenye volti ndogo, jumla 300. Gawanya kwa ufanisi wa 0.82, unapata kama 365 ukutani. Ongeza skrini wati 25, unafika 390. UPS iliyofanya kazi miaka mitatu na kadi ndogo itaanza kulia na kukata siku umeme unapokatika katikati ya gemu, na mwenye mashine atakuja kwangu na kadi mkononi.

## Mashine za ofisi za mtumba

Nyingi tunazonunua ni zile zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya. Dell OptiPlex 9020 ya mnara, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 290, haina plagi ya kadi, na plagi yake kuu kwenye mazabodi ni ya pini 8 badala ya 24 za kawaida. Huwezi kuchomeka pawa saplai ya dukani bila adapta maalum. Kwa mashine hizi mimi husimama kwenye kadi za wati 75 zisizo na plagi kabisa, kama GTX 1050 Ti na zile GTX 1650 zisizohitaji waya. Hakikisha kwa macho, maana kuna GTX 1650 zenye plagi ya pini 6 zinazouzwa kwa jina lilelile.

## Alichofanya mdogo wangu

Aliposikia pawa saplai yake ni ya 300, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Na kama nikiweka ile amri ya 120 siku zote?"

Tukahesabu: 120 na 75 na 30 ni 225, asilimia 75 ya 300. Kwenye karatasi inapita. Lakini mruko wake bado ungekuwa 240 na 75 na 30, yaani 345, na amri hiyo inafutika kila mashine ikiwaka, kwa hiyo siku moja angesahau. Zaidi ya hayo kifaa hakikuwa na plagi ya pini 8, na adapta ya bure ilikuwa ileile ya SATA.

Akapunguziwa bei ya kadi na muuzaji, akaongeza yake, akachukua pawa saplai ya wati 550 iliyoandika ampea 43 kwenye volti 12, yaani wati 516, yenye plagi mbili za 6 na 2. Mzigo wake wa gemu sasa ni asilimia 53. Usiku ule alinitumia picha ya HWiNFO baada ya saa mbili za kucheza: plagi ya pini 8 ilishuka chini kabisa hadi 11.94, nafasi ya PCIe 11.98. Ile ya 500 imebaki kwenye mashine ya mama ya kuchapia barua, haina kadi.